Simulizi ya mafanikio ya mteja: njia tatu za kuihariri, na ipi uichague

Rasimu ilikuwa ya ukurasa mmoja na ilibeba namba moja tu: asilimia 400. Imetoka kwenye karakana inayotengeneza vichanja vya kuanikia dagaa hapa Kigoma mjini. Mteja wao ni kikundi cha wanawake 14 wanaokausha dagaa kwenye mwalo wa Katonga. Karakana inataka simulizi hiyo iwasaidie kuuza vichanja kwa vikundi vingine, na pia kuiambatisha kwenye maombi ya mkopo. Kazi ya mhariri ni kuitoa rasimu ilipo na kuifikisha mahali ambapo msomaji ataona tatizo lilikuwa nini, kilifanyika nini, na kilibadilika kiasi gani.

Mfano huu nimeujenga mwenyewe kwa kufuata kazi za aina hii ninazozipokea, kwa hiyo usiwatafute wenye karakana wala kikundi. Kilo na shilingi zao ni za mfano. Ziwa, mvua, mchanga na mbalamwezi ndivyo vya kweli, na ndivyo vinavyoharibu simulizi nyingi za huku.

Hii ndiyo rasimu yenyewe, nimeifupisha kidogo:

"Karakana yetu ilianzishwa kwa lengo la kuleta suluhisho bunifu kwa jamii za mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kikundi cha akina mama wa Katonga kilikuwa kikikabiliwa na changamoto nyingi za ukaushaji. Baada ya kutembelewa na wataalamu wetu, kiliwezeshwa kupata vichanja vya kisasa, turubai na mafunzo. Hivi sasa mauzo yameongezeka kwa asilimia 400 na maisha yao yamebadilika kwa kiasi kikubwa. 'Tunawashukuru sana, Mungu awabariki,' alisema mwenyekiti wa kikundi."

Kuna njia tatu ambazo wahariri huzitumia kwa rasimu kama hii. Ya kwanza ni kuisafisha: unaacha mpangilio ulivyo na kunyoosha lugha. Ya pili ni kumpa mteja nafasi asimulie kwa kinywa chake, nawe unapanga maneno yake. Ya tatu ni kuivunja na kuijenga upya kwa mpangilio wa tatizo, hatua na matokeo, ukianzia kazi yako kwenye namba ya mwisho na kurudi nyuma. Nitazipitisha zote tatu juu ya rasimu hiyo hiyo.

Njia ya kusafisha

Hii ni ya saa moja. Unafuta "suluhisho bunifu", unabadili "kilikuwa kikikabiliwa na changamoto" kuwa "kilikuwa na shida", na unagawa sentensi ndefu. Mwisho unapata kitu kama hiki:

"Karakana yetu inatengeneza vichanja vya kuanikia dagaa. Kikundi cha akina mama wa Katonga kilikuwa na shida ya kukausha dagaa. Tulikitembelea, tukakipa vichanja, turubai na mafunzo. Mauzo yake sasa yameongezeka kwa asilimia 400."

Inasomeka vizuri kuliko ile ya mwanzo, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Rasimu yenye ukungu humfanya msomaji asite. Hii iliyosafishwa inampitisha moja kwa moja hadi kwenye ile namba, na namba yenyewe haijaguswa. Shida gani ya kukausha? Haijulikani bado. Mauzo ya lini yamelinganishwa na ya lini? Haijulikani pia. Lugha imenyooka, lakini madai yamebaki yale yale.

Njia hii inafaa pale ambapo mpangilio na namba tayari viko sawa, yaani mtu mwingine amekwisha kuifanya kazi ya njia ya tatu kabla yako. Rasimu za namna hiyo huzipokei mara nyingi.

Njia ya sauti ya mteja

Hapa unafunga safari hadi mwaloni, unakaa na mama mmoja, na unamwacha aseme. Ukimwuliza "Mama, mradi umekusaidiaje?" atakushukuru, kwa sababu swali lako limeomba shukrani. Kwa hiyo uliza jambo lililotokea: "Mara ya mwisho mvua ilipowakuta mmeanika, mlifanyaje?" Majibu hubadilika kabisa:

"Zamani mvua ikianza saa tisa, dagaa wa mchangani huwezi kuwaokota wote. Unakusanya wa karibu, wa mbali wanalowa, na ukiwazoa haraka unazoa na mchanga. Sasa wa kichanjani nawafunika na turubai, mvua ikipita nafunua."

Katika maneno hayo machache kuna tatizo (mvua na mchanga), kuna hatua (kichanja na turubai), na kuna namna hatua inavyolishika tatizo. Jambo la mwisho ndilo lililokosekana kabisa kwenye rasimu. Hakuna mwandishi wa ofisini ambaye angelipata bila kwenda kuuliza, kwa sababu kutoka mezani kichanja huonekana kama kifaa cha kukausha upesi. Ni kweli hewa hupita juu na chini na dagaa hukauka pande zote, lakini kwa huyu mama faida ya kwanza ni kwamba anaweza kuwafunika pale pale walipo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haifiki kwenye kipimo. Mama anaweza kukuambia "wanaoharibika ni wachache sasa", na anasema kweli, ila afisa mikopo hawezi kupiga hesabu ya "wachache". Tena mtu mmoja hasemi kwa niaba ya 14. Mara nyingi anayechaguliwa kuhojiwa ndiye aliyefanikiwa zaidi au mwenye kuzungumza vizuri.

Ukitumia njia hii, rudi umsomee mhusika maneno yake kabla hayajatoka, na upate idhini yake kwa jina na picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata kama isingekuwapo, mama wa mwaloni ana haki ya kujua kwamba uso wake utatumika kuuza vichanja.

Njia ya kurudi nyuma kutoka kwenye namba

Hii ndiyo ninayoichagua mimi kwa simulizi yoyote itakayosomwa na mtu anayetoa pesa, na nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo yenye kazi. Inaanzia mwisho wa rasimu. Unaishika namba ya matokeo na kuiuliza mambo matatu: imetoka wapi, inalinganisha nini na nini, na je, tatizo la mwanzo limepimwa kwa kipimo hicho hicho?

Chukua ile asilimia 400. Ukiomba daftari la kikundi, unakuta mauzo ya Machi 2024 yalikuwa Sh 2,100,000 na ya Septemba 2024 yalikuwa Sh 8,400,000. Kosa la kwanza ni la hesabu. Mauzo yamefika mara nne ya yale ya mwanzo, na kitu kilichofika mara nne kimeongezeka kwa asilimia 300. Kosa hili liko kwenye simulizi nyingi mno, na kulikagua ni rahisi: kitu kilichoongezeka kwa asilimia 100 kimefika mara mbili, si mara moja.

Lakini hata ukiandika 300, simulizi bado haijasimama. Machi hapa Kigoma ni mvua. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na Septemba ni kiangazi bado. Mwanikaji yeyote, mwenye kichanja na asiye nacho, hupata dagaa wazuri zaidi Septemba kuliko Machi. Juu ya hapo, mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Septemba ulikuwa mwezi wa kwanza kamili baada ya ziwa kufunguliwa. Dagaa waliopatikana, bei iliyokuwepo sokoni na hamu ya wanunuzi havikuwa vya mwezi wa kawaida. Na karakana yenyewe inasema vichanja vilifika Katonga Novemba 2024. Ongezeko wanalojivunia limetokea kabla vichanja havijafika.

Hilo la mwisho si la kubuniwa kwa ajili ya kuwashangaza wasomaji. Hutokea kwa sababu aliyeandika rasimu alichukua mwezi mbaya na mwezi mzuri kutoka kwenye daftari moja bila kuziweka tarehe pamoja na siku ya makabidhiano. Mimi huchora mstari wa miezi kwenye karatasi kabla ya kuhariri sentensi yoyote: hapa mvua, hapa ziwa limefungwa, hapa kifaa kimefika, hapa namba imechukuliwa. Dakika kumi tu, na unaona papo hapo kama namba imesimama upande usio wake.

Kwa hiyo tunatupa mauzo, si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa yanabeba mambo mengi mno: kiasi kilichovuliwa, bei ya soko, idadi ya siku za kazi. Kichanja hakiongezi dagaa ziwani. Kinachoweza kufanya ni kupunguza wanaoharibika baada ya kununuliwa wabichi. Basi kipimo chetu kitoke hapo hapo. Kwenye mwalo huu wa mfano wetu, dagaa wakavu huenda njia mbili: walio safi huuzwa kwa chakula cha watu, na waliolowa au kujaa mchanga huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa theluthi ya bei. Daftari la kikundi linaandika mauzo hayo mawili katika safu tofauti, maana pesa zake ni tofauti. Namba tuliyoihitaji ilikuwa imelala humo muda wote.

Tunalinganisha Machi na Machi:

| | Machi 2024, mchangani | Machi 2025, vichanjani |
|---|---|---|
| Dagaa wabichi walionunuliwa | kilo 1,750 | kilo 2,100 |
| Dagaa wakavu waliopatikana | kilo 500 | kilo 600 |
| Waliouzwa kwa chakula cha watu | kilo 310 | kilo 510 |
| Waliouzwa kwa chakula cha kuku | kilo 190 | kilo 90 |
| Wa kuku katika kila kilo 100 za wakavu | kilo 38 | kilo 15 |

Nimechukua mwezi mzima kwa makusudi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza, na mbalamwezi ikiwa pevu wavuvi wengi hupumzika. Ukilinganisha wiki na wiki, unaweza kuweka wiki ya giza upande mmoja na wiki ya mbalamwezi upande mwingine, ukapata tofauti kubwa ambayo ni ya mwezi wa angani tu.

Mstari wa pili wa jedwali nao una ukaguzi wake. Dagaa wabichi karibu robo tatu ya uzito wao ni maji, kwa hiyo wakikauka sawasawa kilo tatu na nusu hivi hubaki kilo moja. Hapa 1,750 zimetoa 500 na 2,100 zimetoa 600, ambayo ni tatu na nusu kwa moja pande zote mbili. Ukiona kikundi kinadai kupata kilo moja kavu kwa kila kilo mbili mbichi, simama. Ama dagaa hawajakauka, ama umepima mchanga. Waliotoka mchangani hupima vizuri sana kwenye mizani kabla ya kuchekechwa, na ukilinganisha uzito huo na wa kichanjani, kichanja kitaonekana kimepunguza mavuno. Muulize katibu wa kikundi: mnapima kabla au baada ya kuchekecha? Hawa wa mfano wetu hupima baada, kwa sababu mnunuzi wao hakubali vinginevyo.

Sasa tuna namba nzuri: kutoka kilo 38 hadi kilo 15 katika kila 100. Iandike hivyo hivyo. Wengine wangeandika "uharibifu umepungua kwa asilimia 23", wengine "kwa asilimia 60", na wote wana njia ya kufika hapo, maana 38 kutoa 15 ni 23, na 23 ni kama asilimia 60 ya 38. Msomaji hawezi kujua umemaanisha ipi. Ukimpa kilo mbili zilizosimama pamoja, 38 na 15, hakuna cha kutafsiri, na mama wa Katonga akisomewa anatikisa kichwa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya namba kusimama, ndipo unarudi kwenye tatizo. Tatizo sasa linajiandika lenyewe, kwa kuwa lazima liwe lile ambalo namba inalipima: dagaa wanaolowa na kuingia mchanga wakati wa mvua. "Changamoto nyingi za ukaushaji" inaondoka. Neno changamoto limekuwa kama turubai. Ukilifunua chini yake unakuta mvua, au mchanga, au kunguru, au mnunuzi anayekopa. Chagua lile ambalo hatua yako imeligusa na uyaache mengine. Kwenye rasimu ndefu zaidi ya karakana hii palikuwa na aya kuhusu ukosefu wa mitaji na umbali wa soko. Ni mambo ya kweli na yanauma, ila kichanja hakiyagusi, na msomaji akiyakuta mwanzoni ataendelea kuyasubiri hadi mwisho.

Halafu hatua. Hapa Kiswahili chetu cha miradi kina maradhi yake: "waliwezeshwa", "walipatiwa", "walijengewa uwezo". Vitenzi hivyo humficha mtendaji na kuficha kiasi. Nikikutana na "waliwezeshwa kupata vichanja" nauliza: walipewa au walinunua? Katika mfano wetu walinunua, vichanja 10 kwa Sh 120,000 kila kimoja, jumla Sh 1,200,000. Kwa mnunuzi mwingine hiyo ni habari kubwa kuliko zote, na rasimu ilikuwa imeizika kwa adabu ya kitenzi. Na turubai? Hizo walizipata kutoka kwa mradi mwingine kabisa, mwezi huo huo. Hapa mwenye karakana hunyamaza kidogo, kisha anauliza: "Dada, lazima tuliseme hilo?"

Lazima. Mama mwenyewe amesema anafunika kwa turubai, kwa hiyo kichanja kitupu hakijajaribiwa popote katika simulizi hii. Mnunuzi wa mwalo wa Kibirizi atakayechukua vichanja bila turubai akapigwa na mvua ya Machi atarudi akiwa na simulizi mkononi. Ukisema wazi kwamba matokeo ni ya vichanja pamoja na turubai, umepunguza sifa kidogo, na umemwambia mnunuzi kitu anachopaswa kuwa nacho.

Liko swali moja ambalo msomaji mkali atauliza: je, kama Machi 2025 mvua ilikuwa ndogo tu? Kulijibu kunahitaji mtu wa tatu, ambaye hakununua. Ukipata mwanikaji wa jirani aliyeendelea na mchanga na anayeweka daftari, umepata dawa. Kwenye mfano wetu yupo mmoja, na Machi 2025 katika kila kilo 100 zake, 36 zilienda kwa kuku. Mvua ilikuwa ile ile kwake na kwao. Jirani mmoja hatoshi kuthibitisha kila kitu, lakini sentensi moja kumhusu ina nguvu kuliko aya nzima ya sifa.

Mwisho pesa. Tumia bei moja pande zote ili bei ya soko isijipenyeze: Sh 9,000 kwa kilo ya chakula cha watu na Sh 3,000 kwa ya kuku. Katika kila kilo 100, kilo 23 zimehama kutoka bei ndogo kwenda kubwa, kila moja ikiongeza Sh 6,000. Hiyo ni Sh 138,000 kwa kila kilo 100, na kwa kilo 600 za Machi ni Sh 828,000. Vichanja viligharimu Sh 1,200,000, kwa hiyo miezi miwili ya mvua ya namna hiyo inatosha kurudisha gharama. Sema "ya mvua". Kiangazi jua ni kali, hata mchangani dagaa hukauka kwa siku moja, na tofauti hupungua. Anayezidisha Sh 828,000 kwa miezi 12 anatengeneza namba ambayo Agosti itaikanusha.

Ukiviweka pamoja, simulizi inakuwa hivi:

"Machi 2024, wanawake 14 wa mwalo wa Katonga walikuwa wakianika dagaa mchangani. Katika kila kilo 100 za dagaa wakavu walizopata mwezi ule, kilo 38 zilikuwa zimelowa au kujaa mchanga, zikauzwa kwa chakula cha kuku kwa theluthi ya bei.

Novemba 2024 walinunua kwetu vichanja 10 kwa Sh 1,200,000. Mwezi huo huo walipata turubai kutoka kwa mradi mwingine. 'Zamani mvua ikianza saa tisa, dagaa wa mchangani huwezi kuwaokota wote,' anasema mmoja wao. 'Sasa wa kichanjani nawafunika na turubai, mvua ikipita nafunua.'

Machi 2025, waliokwenda kwa kuku walikuwa kilo 15 katika kila 100. Jirani yao aliyeendelea kuanika mchangani mwezi huo alikuwa na 36. Kwa bei ile ile pande zote, tofauti ya 38 na 15 ilikiongezea kikundi takribani Sh 828,000 mwezi huo. Kiangazi tofauti ni ndogo zaidi."

Angalia pia vitenzi. Rasimu ilijaa "-me-": yameongezeka, yamebadilika. Kiambishi hicho husema jambo limekwisha na hali yake ipo, lakini hakisemi lini. Katika matokeo napendelea "-li-" yenye mwezi wake: Machi 2025 walikuwa kilo 15. Mtu anaweza kwenda kwenye daftari na kuhakikisha. Kwa "yamebadilika kwa kiasi kikubwa" hana pa kwenda kuhakikisha.

Na ona kwamba njia ya pili haikutupwa. Maneno ya mama yamekaa katikati, kwenye hatua, mahali ambapo yanaeleza kwa nini namba ya juu imegeuka kuwa namba ya chini. Shukrani zimeondoka. Wengi huweka nukuu mwishoni kama baraka ya kufungia, lakini hapo haibebi kitu. Historia ya karakana nayo imeondoka mwanzoni. Kama wanaitaka sana, iwe mstari mmoja chini kabisa pamoja na namba ya simu.

Matokeo juu au chini?

Ndani ya njia ya tatu kuna uchaguzi mdogo. Simulizi inaweza kwenda kwa mwendo wake, tatizo hadi matokeo, au ukaweka mstari mmoja wa matokeo juu kama kichwa, kisha ukaanza na tatizo. Kwa afisa mikopo mwenye faili 40 mezani, weka mstari juu: "Kutoka kilo 38 hadi 15 kwa kila 100: vichanja Katonga, Machi 2024 na Machi 2025". Atajua mara moja kama aendelee. Kwa kikundi kingine cha wanikaji, mimi nisingefanya hivyo. Wao wanaisoma, au wanasomewa, kwa kujitafuta ndani yake, na wakianza na wanawake walionyeshewa saa tisa alasiri watasema "sisi hao". Namba ikija mwishoni inakuja kama jibu.

Wakati njia ya tatu haiwezekani

Mara nyingi daftari la kabla halipo. Kikundi kilianza kuandika siku vichanja vilipofika, au kiliandika mauzo yote kwenye safu moja. Hapo watu hushawishika kuwauliza wanachama wakumbuke: mwaka jana walikuwa wanaharibika wangapi? Watajibu nusu. Kila kikundi hujibu nusu, kwa sababu siku mbaya ndizo zinazokumbukwa. Usiliweke jibu hilo pamoja na kilo zilizopimwa kwa mizani katika sentensi moja, maana moja ni kumbukumbu na nyingine ni kipimo, na tofauti kati yake si matokeo ya kichanja.

Ukiwa hapo una mambo mawili. La kwanza ni kutumia njia ya pili kwa uwazi: simulizi fupi ya mteja, inayoeleza namna kichanja kinavyosaidia, bila namba ya matokeo. Hiyo ni halali na kwa wanunuzi wa mwaloni mara nyingi hutosha. La pili ni kumtafuta yule jirani wa mchangani na kulinganisha wawili hao ndani ya mwezi mmoja, badala ya mwaka na mwaka. Hakikisha tu wananunua dagaa kutoka mitumbwi ile ile na wanauza kwa wanunuzi wa aina moja, la sivyo utapima tofauti ya soko.

Kwa mteja anayeanza leo, mwenye karakana aende na daftari la Sh 1,000 siku ya kuchukua vipimo vya kichanja, kabla ya msumari wa kwanza. Safu nne: tarehe, kilo mbichi zilizonunuliwa, kilo za watu, kilo za kuku. Liandikwe mwezi mmoja mzima wa mvua wakiwa bado mchangani, baada ya kuchekecha, na likae kwa katibu wa kikundi.